Bili ya kodi ya ardhi: "thamani" ya kiwanja inaandikwa wapi? Na hii riba imepigwaje?

Kitindamimba
Wakuu habari za jioni. Mama yetu alitangulia mwaka juzi, akatuachia kiwanja chenye nyumba huku Kibaha. Tuko wanne, na kikao cha familia kikanitwisha mimi kazi ya kutunza daftari la gharama za kila mwaka ili kila mtu ajue anachangia nini. Binamu yangu aliyeko Nairobi akanitumia jedwali lake analotumia kwa kiwanja chao. Lina safu hizi: Thamani, Kiwango, Kodi ya mwaka, Malimbikizo, Adhabu, Jumla.

Leo nimetoa bili ya kodi ya pango la ardhi kwa simu, nikaambatanisha na karatasi niliyochapishiwa ofisini. Naandika kama ilivyo:

Eneo: 1,200 m²
Matumizi: Makazi
Kiwango: 30
Kodi ya mwaka: 36,000
Malimbikizo: 132,840
Riba: 24,840
Kiasi cha kulipa: 168,840

Mara ya mwisho mama alilipa mwaka wa 2021/22, risiti ninayo. Maswali yangu: thamani iko wapi? Na mbona nikijumlisha napata 193,680, bili inasema 168,840? Sitaki kaka zangu waje kusema nimekula chenji.

Kasuku wa Mbagala
Pole kwa msiba mkuu. Kuhusu kodi ya pango, mimi wapangaji wangu nawaandikisha mkataba wa miezi sita, wanalipa mbele. Akichelewa wiki mbili namwekea faini elfu kumi. Usilee mpangaji anayelimbikiza, atakuja kukuhamia na madeni.

Kitindamimba
@Kasuku wa Mbagala asante, ila hapa mpangaji ni mimi, na mwenye nyumba ni serikali 😂

Kasuku wa Mbagala
Aah, pango LA ARDHI. Nimesoma haraka, nisamehe. Basi hata mimi nadaiwa.

Mpima Mstaafu
Kitindamimba, usihangaike na hiyo safu ya thamani. Bili ya kodi ya ardhi ya kwetu haiandiki thamani ya kiwanja. Inaandika eneo na kiwango cha shilingi kwa kila mita ya mraba. Chukua 1,200 zidisha 30, unapata 36,000. Kodi yako ya mwaka ndiyo hiyo, haina siri nyingine.

Jedwali la binamu yako ni la mfumo mwingine. Futa neno "Thamani", andika "Eneo (m²)". Ukilazimisha kujaza thamani utaishia kuandika bei ambayo dalali alikutajia, na mwakani mtu atazidisha bei hiyo kwa 30 halafu mzimie wote.

Mtu wa Umoja
Niwasalimu kutoka Nairobi. Huyo binamu hajakosea, huku kwetu ndivyo kulivyo. Kaunti inatoza ada kwa asilimia ya thamani ya ardhi tupu, nyumba haihesabiwi. Zamani ilikuwa 34% ya thamani iliyoandikwa kwenye orodha ya mwaka 1980. Siku hizi ni 0.115% ya thamani ya orodha mpya ya 2019. Kwa hivyo kiwanja kilichotathminiwa milioni nane za Kenya kinalipa 9,200 kwa mwaka. Pasipo safu ya thamani huwezi kujua hiyo 9,200 imetoka wapi.

Halafu kama ploti ni ya kukodishwa na serikali, kuna kodi nyingine ya ardhi unailipa serikali kuu, kando na hiyo ya kaunti. Wengi huku hulipa moja wakadhani wamemaliza, wanakuja kushtuka wakienda kuuza.

Wifi Mkubwa
34%? Yaani theluthi ya kiwanja kila mwaka?

Mtu wa Umoja
@Wifi Mkubwa theluthi ya bei ya 1980, dada yangu. Bei hiyo leo hainunui hata lango.

Mwanasheria wa Kijiweni
Namuunga mkono Mpima Mstaafu, ila si sahihi kusema thamani haimo kabisa. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 33, inamtaka Waziri anapopanga kodi aangalie ukubwa wa ardhi, matumizi yake na thamani ya ardhi katika eneo husika. Kwa hiyo thamani imo, imejificha ndani ya ile 30. Ndiyo maana kiwanja cha ukubwa huohuo, matumizi hayohayo, kikiwa Kibaha na kikiwa Masaki havitozwi sawa. Ukitaka kumridhisha binamu, mwambie thamani iko kwenye safu ya kiwango.

Mpima Mstaafu
Sawa wakili, hilo nalikubali. Lakini kwenye daftari la familia huwezi kuandika "imejificha". Unaandika unachokiona kwenye karatasi.

Karani wa Stoo
Naona wazee mmeng'ang'ania thamani, ila jamaa ana shida kubwa kuliko hiyo. Kijana, umehesabu riba mara mbili.

Angalia: 132,840 toa 24,840 unapata 108,000. Gawa 108,000 kwa 36,000, unapata 3 kamili. Miaka mitatu: 2022/23, 2023/24, 2024/25. Maana yake hayo "Malimbikizo" yameshajumlisha kodi ya nyuma pamoja na riba yake, na mstari wa Riba chini yake ni maelezo tu kwamba ndani ya malimbikizo, riba ni kiasi fulani. Halafu 132,840 jumlisha kodi ya mwaka huu 36,000 unapata 168,840, ambayo ndiyo bili inayodai. Ile 193,680 yako imezidi kwa 24,840 kamili, yaani riba uliyoirudia.

Kwangu hiki ndicho kipimo: malimbikizo halisi lazima yagawanyike kwa kodi ya mwaka bila kubaki kitu. Yakibaki, ama riba imo ndani, ama kiwango kilibadilika katikati, ama kuna mwaka ulilipwa nusu.

Kitindamimba
Eeh! Karani ubarikiwe. Nilikuwa nimeshawatumia kaka zangu ile 193,680 kwenye kundi la familia, mmoja akajibu "hela ya bia hiyo imo humo". Naenda kufuta.

Wifi Mkubwa
Usifute, itaonekana umefuta. Andika marekebisho.

Bahari Kuu
Bili yangu mimi haiko hivyo. Kwangu malimbikizo yako peke yake na riba iko peke yake, ukijumlisha vyote vitatu inakubali. Kwa hiyo Karani usimwambie kila mtu atoe riba, wengine watapunguza isiyopunguzwa.

Karani wa Stoo
@Bahari Kuu uko sahihi, na ndiyo maana nikasema jumla ndiyo shahidi. Jaribu njia zote mbili, inayofika kwenye "Kiasi cha kulipa" ndiyo yenyewe. Usiamini jina la mstari.

Sultani wa Madeni
Mimi nashauri usilipe kwanza. Serikali huwa inatoa msamaha. Jirani yangu alisamehewa deni lote la ardhi, akalipa kidogo tu.

Mwanasheria wa Kijiweni
Sultani, nusu ya maneno yako ni kweli. Msamaha ulitangazwa mwaka 2022, ukaongezwa muda hadi Aprili 2023. Lakini kilichosamehewa ni RIBA ya malimbikizo, na sharti lilikuwa ulipe kodi yenyewe yote unayodaiwa. Jirani yako kama alilipa kidogo basi kodi yake ilikuwa kidogo na riba yake ndiyo iliyokuwa mlima. Kusubiri msamaha ambao haujatangazwa ni kuendelea kuongeza asilimia moja kila mwezi kwa hiari yako.

Sultani wa Madeni
Sawa, ila nimesubiri tangu 2015 na sijafa.

Kitindamimba
Hiyo asilimia moja ndiyo ilikuwa swali langu la pili. Nimekaa na kikokotoo tangu saa mbili. Wakili umesema 1% kwa mwezi. Inaanza kuhesabiwa lini?

Mwanasheria wa Kijiweni
Mwaka wa kodi unaanza 1 Julai. Una miezi sita ya kulipa bila riba, hadi 31 Desemba. Ukivuka hapo ndipo inaanza 1% kwa kila mwezi. Kwa hiyo 36,000 ya mwaka huu haina riba bado, leo ni Oktoba 2025. Lipa kabla ya mwaka mpya.

Karani wa Stoo
Ngoja nimfanyie hesabu. Kwa maelezo ya wakili, kodi ya 2022/23 inaanza kuzaa riba Januari 2023. Toka hapo hadi Oktoba 2025 ni miezi 34. Ya 2023/24 ni miezi 22. Ya 2024/25 ni miezi 10. Jumla miezi 66. Asilimia moja ya 36,000 ni 360. Kwa hiyo 66 mara 360 ni 23,760.

Bili inasema 24,840. Kuna tofauti ya 1,080.

Wifi Mkubwa
Haya sasa, bia imeonekana.

Karani wa Stoo
😂 Hapana wifi, angalia hiyo 1,080. Ni 360 mara tatu. Yaani kila mwaka wa deni umeongezewa mwezi mmoja: 35, 23 na 11. Si namba ya kubahatisha.

Bahari Kuu
Hiyo ni riba juu ya riba. Benki zote ndivyo zinavyofanya, na mfumo wa serikali nao uko hivyohivyo. Riba ya Januari inaingia kwenye deni, Februari unatozwa kwa deni jipya.

Karani wa Stoo
Nimeipiga hiyo pia. Riba juu ya riba kwa miezi hiyohiyo ingefika kama 27,069. Iko mbali na 24,840. Halafu riba juu ya riba haiwezi kutoa namba inayogawanyika kwa 360 bila masalia. Hii yako inatoa 69 kamili.

Mpima Mstaafu
Mimi nadhani mfumo unahesabu mpaka mwisho wa uhai wa kontroo namba. Bili ya Oktoba ukipewa kontroo namba inayoisha Novemba, wanakuwekea na Novemba. Kitindamimba, tarehe ya mwisho ya hiyo namba ni lini?

Kitindamimba
Inaisha tarehe 12 Novemba.

Mpima Mstaafu
Basi si nimesema?

Mwanasheria wa Kijiweni
Au wanaanza kuhesabu Desemba badala ya Januari. Mwezi wa sita ukianza, mfumo unauona umeshaingia. Matokeo yanakuwa yaleyale, mwezi mmoja zaidi kwa kila mwaka. Kama ni hivyo, inabidi mtu alalamike kwa maandishi, maana sheria inampa miezi sita kamili.

Karani wa Stoo
Maelezo yote mawili yanatoa 69. Kwa bili moja huwezi kuyatenganisha. Atoe bili nyingine mwanzoni mwa Novemba kabla hajalipa, tuone imeruka kwa kiasi gani. Ikiongezeka 1,080 tu, angalau hadithi ya riba juu ya riba inakufa.

Sultani wa Madeni
Kumbe na nyie mnamshauri asilipe 😂

Karani wa Stoo
Nimemshauri asubiri wiki tatu kwa shilingi 1,080. Wewe umesubiri miaka kumi.

Binti Korogwe
Naomba niingie na kisa changu, maana nilikaribia kulia. Mwaka jana bili yetu ilitoka 216,000 kwa mwaka, wakati marehemu baba alikuwa analipa 54,000. Nikadhani kodi imepanda. Nikaenda na hati mkononi. Eneo lilikuwa lilelile, 900 m², ila kwenye bili sehemu ya matumizi iliandikwa "Biashara", na kiwango kikawa 240 badala ya 60. Kumbe kaka aliwahi kuomba kibali cha fremu za duka mbele ya nyumba, maombi hayakukamilika, lakini mfumo ulishabadilishwa. Ilichukua safari nne kurekebisha.

Kwa hiyo kwenye daftari lako, kaka, usiandike kodi peke yake. Andika eneo, matumizi na kiwango, kila mwaka, hata kama havijabadilika. Siku vikibadilika utajua ni kipi kimebadilika. Mimi nilikuwa na risiti za 54,000 miaka tisa, na hakuna hata moja iliyonisaidia kujua kama tatizo ni eneo au kiwango.

Mpima Mstaafu
Huyu binti kasema. Na wasiokuwa na kiwango kwenye karatasi zao, gawa kodi kwa eneo la kwenye hati. Jibu likiwa na masalia ya ajabu, kama 33.47, basi eneo lililoko kwenye mfumo si la kwenye hati. Nimeona sana hiyo kwa viwanja vilivyopimwa upya.

Kitindamimba
Asanteni sana. Sasa nimebadilisha jedwali: Mwaka, Eneo, Matumizi, Kiwango, Kodi, Miezi ya riba, Riba, Tarehe ya kulipa, Namba ya risiti. Riba nimeiweka hivi, E ikiwa kodi na F ikiwa miezi:

```
=E2*0.01*F2
```

Kila mwaka wa deni una mstari wake. Nimekosea?

Karani wa Stoo
Hapo sawa. Ila usiruhusu fomula ndiyo iwe ukweli. Weka safu ya "Riba ya kwenye bili" pembeni uandike kwa mkono, kisha tofauti. Leo tofauti yako ni 1,080, na hiyo tofauti ndiyo iliyotufanya tukeshe hapa.

Wifi Mkubwa
Swali langu sasa. Akilipa 168,840 mwezi ujao, hiyo ni gharama ya mwaka gani? Maana hapo kuna watu wanne wa kuchangia.

Karani wa Stoo
Ya mwaka wa fedha 2025/26 ni 36,000 tu. 108,000 ni za miaka yake mitatu. Ukiandika 168,840 kama gharama ya mwaka huu, mwakani watu wataona imeshuka hadi 36,000 na kudhani mwaka huu waliibiwa.

Bahari Kuu
Sikubaliani. Hela imetoka mwaka huu, andika mwaka huu. Daftari la familia si kampuni. Mtu anataka kujua mfuko wake ulitoka kiasi gani.

Wifi Mkubwa
Na riba je? Mama alifariki mwaka juzi. Riba ya kabla ya hapo si kosa la hawa watoto, ya baada ya hapo ni uzembe wa wote wanne. Mimi ningekuwa shemeji yao nisingechangia ya uzembe.

Binti Korogwe
Wifi, ukianza kugawa riba kwa uzembe familia itavunjika kwa shilingi elfu sita kila mmoja. Kwetu tuliandika tarehe mbili: mwaka ambao kodi ni yake, na siku iliyolipwa. Anayetaka hesabu ya mfuko asome safu moja, anayetaka ya mwaka asome nyingine.

Kasuku wa Mbagala
Na kodi ya majengo ya kwenye LUKU mnaiweka wapi? Mimi wapangaji ndio wananunua umeme, wanakatwa wao. Tangu Agosti 2021 ilikuwa elfu moja kwa mwezi, na toka Julai 2023 ni 1,500. Kwa mwaka 18,000. Ni nusu ya hiyo kodi yako ya ardhi, na haina bili.

Kitindamimba
Hiyo sikuifikiria kabisa. Nyumba anakaa kaka mkubwa, umeme ananunua yeye.

Kasuku wa Mbagala
Basi kaka mkubwa anawadai. Muulize meseji za LUKU, makato yanaonekana kwenye ununuzi wa kwanza wa mwezi. Kama ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu.

Wifi Mkubwa
Kaka mkubwa anakaa bure kwenye nyumba ya urithi halafu awadai 1,500? Hapo kodi ya pango ya Kasuku inarudi mezani.

Kasuku wa Mbagala
Nilijua nitarudi tu.

Kitindamimba
Wakuu, nimerudi. Leo tarehe 4 Novemba. Nimetoa bili mpya, namba mpya inaisha 3 Desemba. Kodi ya mwaka 36,000. Malimbikizo 133,920. Riba 25,920. Kulipa 169,920.

Karani wa Stoo
Imeongezeka 1,080 barabara. Riba si juu ya riba, Bahari Kuu pumzika.

Bahari Kuu
Nimepumzika. Ila bado hamjasema mwezi wa ziada unatoka wapi.

Mpima Mstaafu
Namba inaisha Desemba, wamehesabu Desemba. Iko wazi.

Mwanasheria wa Kijiweni
Ukianzia Desemba 2022 hadi Novemba 2025 ni miezi 36, wa pili 24, wa tatu 12. Jumla 72, mara 360 ni 25,920. Yangu nayo iko wazi.

Karani wa Stoo
Mtihani mzuri ungekuwa bili inayoisha ndani ya mwezi huohuo ilipotolewa. Kuna mwenye nayo? Awe na deni na namba iliyotoka tarehe moja ikaisha kabla ya thelathini.

Sultani wa Madeni
Deni ninalo. Namba sijawahi kuomba.

Kitindamimba
Mimi nimelipa, 169,920, nimechoka. Risiti imetoka kwa jina la mama. Kaka mkubwa amekubali kutuma meseji za LUKU, ila anasema za 2023 alibadilisha simu.